Kurekebisha paterni ya mkono wa nguo kwa mwenye mkono mnene na mabega membamba

Mtu mwenye mikono minene sehemu ya juu na mabega membamba mara nyingi hukatiwa nguo ya saizi kubwa ili mkono umtoshe, na matokeo yake mshono wa bega huning'inia kwenye mkono badala ya kukaa kwenye mfupa wa bega. Ni afadhali kuchagua paterni inayofuata bega na kifua, kisha kuupanua mkono kwenye karatasi kabla mkasi haujagusa kitambaa. Maelezo haya yanahusu mkono mrefu wa kuunga kwenye shimo la kawaida, kwa kitambaa kisichovutika. Fanya kazi kwenye paterni isiyo na akiba ya mshono. Akiba itaongezwa mwishoni.

Anza na bega, kwa sababu likibadilika shimo la mkono nalo hubadilika. Ikiwa ncha ya bega imezidi kwa sentimita 1, iingize ndani kiasi hicho mbele na nyuma, kisha chora upya shimo hadi mstari mpya uungane na wa zamani kwenye alama za kuunganishia. Ndipo upime shimo zima, tepu ikiwa imesimama kwa ukingo wake ili ifuate mviringo.

Hatua ya pili ni kupima mkono wa mvaaji penye unene mkubwa zaidi, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Tuseme umepata sentimita 36. Ukiongeza sentimita 4 za ulegevu ili mkono uweze kukunjika, unahitaji 40. Kwenye paterni, chora mstari wa mlalo kutoka kwapa hadi kwapa, uupime; wetu una 36, kwa hiyo zinapungua 4. Mimi niliwahi kulinganisha kipimo cha mwili na paterni bila kuhesabu ulegevu, nikaona vinalingana, nikakata. Nguo ilivalika, lakini mvaaji hakuweza kushika kichwa chake.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Chora mstari wa wima kutoka kilele cha mkono hadi pindo, ukikatiza ule wa kwapa. Kata mistari yote miwili, lakini uache milimita 1 hivi bila kukatwa kwenye ncha zote nne: kileleni, kwenye pindo na kwenye kila kwapa. Sehemu hizo ndogo zitakuwa bawaba. Weka karatasi nyingine chini, kisha vuta pande mbili nje polepole. Mpasuko wa wima utafunguka kama almasi, na vipande vya juu vitapanda juu ya vya chini katikati. Kupandana huko si kosa. Simama kwapa hadi kwapa ifikapo sentimita 40, ubandike kwa gundi.

Utaona kwamba kichwa cha mkono, yaani sehemu iliyo juu ya mstari wa kwapa, kimepungua kimo. Katika mfano huu, kilichokuwa na sentimita 14 kimebaki na takriban 11, na mkono mzima, uliokuwa na 57 kutoka kilele hadi pindo, una takriban 53. Ukikiacha hivyo, mkono utainuka kwa urahisi, lakini mikunjo ya mshazari itajitokeza kutoka kwapa mvaaji anaposhusha mikono. Ukirudisha kimo chote, mzingo wa kichwa utarefuka kiasi cha kukunjamana kwenye shimo. Mimi hurudisha sentimita 1 tu kileleni, nikichora mviringo laini unaozima kabla ya alama za mbele na nyuma. Urefu unaobaki, yaani sentimita 3, unaongezwa kwenye pindo, ambalo pia litanyooshwa kwa sababu limepinda kidogo katikati.

Sasa pima mzingo wa kichwa. Kabla ya marekebisho ulikuwa 48, na shimo letu jipya lina 46; baada ya kuinua kilele ni takriban 49. Tofauti ya sentimita 3 bado inaweza kukusanywa kwa uzi na kupotezwa bila mikunjo kwenye pamba laini. Kwenye kitambaa kigumu, au tofauti inapozidi 4, punguza kilele.

Njia hii inafaa kuongeza hadi sentimita 5 hivi. Zaidi ya hapo kichwa hulala mno. Gawanya nyongeza, sehemu yake uiweke kwenye mshono wa kwapa wa mkono na kiasi kilekile kwenye mshono wa ubavu wa nguo. Kwa mkono mfupi, usiache bawaba kwenye pindo: ufungue mpasuko hadi chini, kwa kuwa pindo lake liko karibu na sehemu ile ile iliyo nene.

Ongeza akiba ya mshono, kisha ushone mkono mmoja tu kwa kitambaa cha majaribio. Mvaaji ashushe mkono, aukunje, kisha aunyooshe mbele. Mikunjo ya mlalo inayozunguka mkono inaonyesha kuwa upana bado haujatosha. Ikiwa inatoka kileleni kuelekea kwapani, kimo cha kichwa ndicho kinachotafutwa, nacho huongezwa nusu sentimita kwa wakati.