Somo: Kumkaba winga kwenye mpira wa magongo bila kupigiwa filimbi

Somo hili ni la mchezaji mgeni aliyewekwa beki wa kulia na kuambiwa, "Yule winga wao ni wako." Nimechagua beki wa kulia kwa sababu ndiyo nafasi inayomsamehe mgeni. Gongo lina uso mmoja tu bapa, ule wa upande wa kushoto, na hakuna gongo la mashoto. Ndiyo maana kila mchezaji hubeba mpira mbele ya mguu wake wa kulia, na kila mchezaji ana nguvu kuliani kuliko kushotoni. Winga wao wa kushoto akija na mpira pembeni, mstari wa uwanja unakuwa kuliani kwako. Ukimsukumia huko, unamsukumia kwenye upande wako wenye nguvu.

Kuna kanuni mbili za kitabu cha sheria za mchezo za kuingia nazo uwanjani. Ya 9.13 inasema usijaribu kumpokonya mtu mpira kama hauko mahali pa kuufikia bila miili kugusana. Ya 9.12 inakataza kumziba mpinzani anayejaribu kuucheza mpira, iwe kwa mwili au kwa gongo. Ya kwanza humnasa zaidi beki, ya pili humnasa zaidi mwenye mpira, ingawa zote ni za wote.

Hatua ya 1: Jipange kabla mpira haujafika

Simama kati ya winga na goli lako, hatua moja ndani ya uwanja kuliko yeye, uweze kumwona yeye na mpira kwa pamoja. Gongo liwe chini, karibu na nyasi. Pasi ikija taratibu na unaweza kumtangulia, mtangulie. Mpira ulionaswa njiani haubishaniwi na refa.

Hatua ya 2: Akipokea huku amekupa mgongo

Hapa ndipo wageni wengi hupaza sauti, "Refa, ananiziba!" Bado hajakuziba. Mchezaji aliyesimama anapopokea mpira anaruhusiwa kuelekea upande wowote, hata kukupa mgongo. Wewe usimwegemee, usimsukume kwa nyonga, na usipenyeze gongo kati ya miguu yake. Hayo yote ni makosa yako.

Zunguka upande mmoja, gongo likiwa chini, mpaka ufike mahali ambapo ukinyoosha mkono unaugusa mpira. Kuanzia hapo mzigo unamhamia yeye. Anaweza kuondoka na mpira kuelekea popote, ila haruhusiwi kuuingiza mwili wake kwenye wako, wala kujiweka kati ya mpira na wewe uliye karibu na unayejaribu kuucheza. Akirudi nyuma kwa makalio mpaka akuguse, amekosa. Akigeuka kila unapozunguka ili mgongo wake uendelee kuuficha mpira, amekosa vilevile.

Maneno yanayobeba uzito ni mawili: karibu, na kujaribu. Beki aliyesimama nyuma huku gongo likining'inia kiunoni hajazibwa, maana refa haoni mtu anayejaribu kucheza chochote. Anyooshe gongo chini, aelekee kwenye mpira, ndipo refa aone alichozuiwa kufanya.

Hatua ya 3: Mkimbilie, kisha punguza mwendo

Akishageuka na kukutazama, mkaribie haraka, lakini ukibakiza mita tatu au nne punguza mwendo na anza kurudi nyuma pamoja naye. Beki anayefika kwa kasi yote hana breki, na winga anachohitaji ni kuusogeza mpira kidogo tu.

Mguu wa kushoto uwe mbele, magoti yakunjwe, uzito uwe kwenye vidole vya miguu. Sogea kushoto kwako kidogo, mpaka mpira uwe mkabala na mguu wako wa kulia badala ya kuwa mkabala na kitovu chako. Kusogea huko kunafunga njia ya katikati na kumwachia njia moja tu, ile ya pembeni.

Hatua ya 4: Donoa

Shika gongo kwa mkono wa kushoto peke yake, uso bapa ukitazama juu. Piga hatua fupi ya mguu wa kushoto, rusha gongo mbele chini kabisa, liguse mpira, na ulirudishe papo hapo. Ni kama kuku anavyodonoa: kichwa kinakwenda na kurudi, miguu haihami. Mkono ukibaki umenyooka na mwili umeinama mbele, umeshapitwa.

Lenga mpira, usilenge gongo lake. Gongo lako likigonga lake kabla ya kuufikia mpira, ni faulo, hata kama mpira ulimponyoka. Mkigongana baada ya wewe kuugusa mpira safi, marefa wengi huacha mchezo uendelee. Na kuna wakati wa kudonoa: pale mpira unapokuwa mbali kidogo na gongo lake, katikati ya mguso mmoja na mwingine. Kwenye nyasi za kawaida zenye mabonde, wakati huo huja mara nyingi, kwa kuwa mpira humruka mwenyewe.

Kudonoa si lazima kukupe mpira. Mara nyingi kazi yake ni kumfanya ainamishe kichwa, asione wenzake, na auvute mpira kuukwepa mkono wako.

Hatua ya 5: Laza gongo

Njia ya katikati umeifunga, kwa hiyo atauvuta mpira kushoto kwake, kuelekea mstari wa pembeni. Kushoto kwake ni kulia kwako. Mpira unakatiza mbele ya uso bapa wa gongo lako, naye kwa sekunde hiyo anautumia kwa gongo lililogeuzwa, upande wake dhaifu.

Sasa mikono miwili, imeachana, magoti chini zaidi. Laza gongo mpaka likaribie kuwa sambamba na ardhi, vidole vya mkono wa kushoto vikikaribia nyasi. Gongo halizidi sentimita 105, na likilazwa lote hilo ni ukuta. Usilipige, acha mpira uje kuligonga. Miguu yako ibaki nyuma ya gongo. Ukiuzuia mpira kwa mguu ukapata faida, refa anapiga filimbi, na ukimwekea goti njiani ni mbaya zaidi.

Hatua ya 6: Akikupita

Usimnyooshee gongo kutoka nyuma. Geuka ukimbie kuelekea goli lako, umshike sambamba. Yeye sasa yuko kushoto kwako, na mpira, ulio kuliani kwake, uko kati yenu. Unaweza kugeuza gongo, ncha chini, ukaugonga kwa mkono wa kushoto, lakini si kabla mabega yako hayajalingana na mpira. Ukiwa bado nyuma ya nyonga yake, gongo litakutana na visigino.

Hapa ndipo winga mjanja huanza kuziba. Akikimbia moja kwa moja na mpira mbele yake, wewe ukiwa nyuma, hajakosa kitu. Wewe ndiye uliyechelewa. Akikukata mbele ili mwili wake uingie kati yako na mpira uliokuwa unaufikia, ameziba. Akikuwekea mkono kifuani, amekosa. Akilaza gongo lake kati ya gongo lako na mpira kama kizuizi cha barabarani, huko ni kuziba kwa gongo, na refa ataonyesha kwa kuunyoosha mkono mmoja mbele na kuugusa kwa mkono wa pili. Kuziba kwa mwili huonyeshwa kwa mikono iliyopishana kifuani.

Maswali ya wanachama

Kocha, mimi ni beki wa kushoto. Nikifuata haya kwa winga wao wa kulia mambo yanaharibika. Kwa nini?

Kwa sababu upande wako kila kitu kimegeuka, mdogo wangu. Mkikimbia sambamba kuelekea goli lenu, yeye yuko kulia kwako, jambo ambalo linaonekana zuri, lakini mpira uko ng'ambo ya mwili wake, karibu na mstari. Ukinyoosha gongo kupitia mbele ya miguu yake, ataanguka. Fanya kazi yako mapema, mkiwa bado mmetazamana. Akishakupita, mtangulie kabisa, kisha laza gongo mbele ya mpira. Kama huwezi kumtangulia, kimbia naye tu ukifunga njia ya goli na usubiri mwenzako.

Nilimfukuza winga hadi ndani ya duara la mbele ya goli letu, nikageuza gongo, nikaugusa mpira kwanza ukatoka nje. Gongo likaendelea likamkwaa, akaanguka. Refa akatoa kona fupi, ile kona ya adhabu, na kadi ya kijani. Si niligusa mpira kwanza?

Uliugusa, naamini. Lakini kanuni haiulizi ulianza na nini, inauliza kama ulikuwa mahali pa kuucheza mpira bila kumgonga mtu. Nilipokuuliza mazoezini ulikuwa wapi, ulisema "kwenye nyonga yake." Hilo ndilo jibu. Ulikuwa nusu hatua nyuma, na gongo lililovuka mpira halikuwa na pa kwenda ila miguuni.

Adhabu ilikuwa ya kawaida. Kosa la beki ndani ya duara, lisilo la makusudi na lisilozuia goli lililokuwa karibu kuingia, ni kona fupi. Lingezuia goli kama hilo, au refa angeona umefanya makusudi wakati yeye ana mpira, ingekuwa penalti kutoka mita 6.40. Kadi ya kijani ni dakika mbili nje, timu ikipungua mtu. Na kumbuka kuwa kosa la makusudi nje ya duara, lakini ndani ya mstari wa mita 23, nalo ni kona fupi.

Fowadi wao mmoja alipita mbele yangu wakati namkimbilia mwenye mpira, nikasimama. Hilo nalo ni kuziba?

Ndiyo, hata kama hakugusa mpira, iwapo wewe ungeufikia. Refa hufungua na kufunga mikono iliyopishana kuonyesha kuwa mtu wa tatu ndiye aliyeziba. Lakini kama alikuwa amesimama mahali pake na wewe ukamwendea, au mpira ulikuwa mita kumi kutoka kwako, usitegemee filimbi.

Kwenye soka najirusha chini kuukata mpira. Huku je?

Acha kabisa, kaka. Mchezaji asiye kipa anayeteleza na kumwangusha mpinzani anaadhibiwa kwa kadi, na ya njano haipungui dakika tano. Kipa ana vifaa vyake, wewe una soksi na vigao vya miguu.

Nikiona nimezibwa, ninyanyue mkono?

Hapana. Ukiinua mkono, gongo limeondoka chini, na refa anaona beki aliyeacha kujaribu. Endelea kuutafuta mpira.