Nusu ya nyumba haina umeme Uingereza: anzia kwenye ubao wa breka

Jikoni hakuna umeme na taa za juu zimezimika, lakini sebuleni televisheni inaendelea. Umeme wa mtaa ukikatika, kwa kawaida nyumba nzima huzimika. Hapa tatizo karibu kila mara limo ndani.

Ubao wa nyumba nyingi za Uingereza umegawanywa sehemu mbili. Kila upande una swichi pana yenye kitufe cha TEST na maandishi 30mA. Hiyo ndiyo RCD: inakata breka zote za upande wake pale umeme unapovujia ardhini. Tazama ipi imeshuka. Ikiwa hakuna RCD wala breka iliyoshuka, au unasikia harufu ya kuungua, zima swichi kuu na umwite fundi. Waya uliolegea huwasha moto.

Tuseme RCD ya kushoto imeshuka. Shusha breka zote za upande wake, kisha uipandishe RCD. Ikiwa kijiti kimekwama katikati, kisukume chini kabisa kwanza. Ikikaa, pandisha breka moja moja. Breka ya ampea 6 ya taa inapanda vizuri, ya ampea 16 ya hita ya maji nayo sawa, lakini ukipandisha ya ampea 32 ya soketi za jikoni, RCD inaanguka. Hitilafu iko jikoni.

Sasa chomoa plagi zote za jikoni. Usizime soketi tu. Pandisha tena. Ikikaa, rudisha vifaa kimoja kimoja, na usiwe na haraka hapa. Mashine ya kufulia inaweza kukaa kimya hadi inapoanza kupasha maji, ndipo inakata, kwa sababu waya wake wa kupashia umepasuka na maji yamegusa umeme. Birika, pasi na friji nazo hukatisha kwa namna hiyo. Wakati mwingine hakuna kifaa kibovu: kila kimoja kinavujisha kidogo, na jumla yake inatosha.

Iwapo RCD inakataa kupanda hata breka zote zikiwa chini, usishangae. Breka hukata laivu, waya unaoleta umeme, peke yake, lakini nyutro, waya unaourudisha, inabaki imeunganishwa. Nyutro ikigusa ethi, waya wa ardhini, ndani ya kifaa, RCD hujikata. Chomoa kila kitu cha upande huo kabla ya kujaribu tena. Ikikataa bado, huenda kosa liko kwenye nyaya za ukutani, jiko la umeme, boila au soketi ya nje iliyoingia maji. Hapo usifungue kifuniko cha ubao, mpigie fundi aliyesajiliwa. Mpangaji amwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, kwani nyaya ni wajibu wa mwenye nyumba.

Unapomsubiri fundi, friji inaweza kulishwa kwa waya wa nyongeza kutoka upande usio na hitilafu. Ikiangusha RCD ya huko pia, umempata mkosaji.