Chati ya Nyayo: Kuthamini Juhudi Katika Darasa la Watoto 64

Chati yangu ya kwanza ilikuwa na majina yote ukutani, na nyota mbele ya kila jina. Baada ya wiki mbili watoto walewale watano walikuwa na mistari mirefu ya nyota, na wengi wa waliobaki walishaacha kuitazama. Mmoja alilichana jina lake. Bila kukusudia, nilikuwa nimewapanga wa kwanza hadi wa mwisho. Hii ninayoeleza sasa haina jina hata moja ukutani.

Hatua ya 1: Chagua tendo moja

"Kuwa na nidhamu" si tendo. Huwezi kulinyooshea kidole. Mimi huanza na "kujaribu tena": mtoto amekosea au amekwama, kisha anaanza upya. Anayejua na asiyejua wote wanaweza kulifanya. Kwa kuwa wengi bado hawasomi, chora mkono ulioshika kifutio. Kisha waonyeshe wewe mwenyewe: andika 5 iliyogeuka ubaoni, itazame, ifute, andika nyingine. Waulize, "Nimejaribu tena wakati gani?"

Hatua ya 2: Chora njia

Unganisha karatasi mbili za manila, chora njia ndefu, na juu yake nyayo 40 tupu. Kila utakayemwona akijaribu tena atapaka rangi unyayo mmoja. Itundike usawa wa macho ya watoto, mahali wanapofika bila kurukia madawati. Usiweke rangi za makundi. Rangi hizo huleta mashindano siku hiyohiyo, na mtoto anayehangaika hugeuka lawama ya kundi lake.

Hatua ya 3: Andaa daftari lako

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Huwezi kuwatazama watoto 64 kwa siku moja. Ukijaribu, utaona wa mbele na wenye kelele tu. Igawe orodha ya majina mafungu 8 ya watoto 8, wakichanganyika kutoka kila kona ya darasa. Kila siku tazama fungu moja, na usiwaambie ni lipi. Baada ya siku 8 za masomo, kila mtoto atakuwa ametazamwa kwa makini.

Mbele ya kila jina andika mahali mtoto alipo sasa na hatua yake inayofuata. Nilikuwa na mtoto ambaye akikosea herufi moja hutupa penseli na kulaza kichwa kwenye dawati. Niliandika: "Hutupa penseli. Hatua: aiokote na kuandika herufi moja zaidi." Siku ya fungu lake aliitupa, akakaa kimya kitambo, akainama kuiokota, akaandika "b" iliyogeuka kuwa "d". Herufi haikuwa sahihi, lakini unyayo aliupata. Jirani yake alimaliza herufi zote kumi bila kukwama, na siku hiyo hakuupata, kwa sababu kazi ile haikumtaka ajaribu tena. Huyo nilimpa maneno marefu zaidi kesho yake, mpaka akakutana na kosa lake mwenyewe.

Hatua ya 4: Paka nyayo

Dakika tano kabla ya kutoka, waite uliowaona, na uongeze wawili wa nje ya fungu uliowaona pia, ili fungu la siku lisijulikane. Taja ulichokiona kwa sentensi moja: "Uliiokota penseli ukaandika tena." Usiseme "hodari kuliko wote". Mtoto apake rangi unyayo mmoja kwa mkono wake.

Unyayo uliopakwa haufutwi, hata darasa likivurugika dakika inayofuata. Wakipatikana watano au sita kwa siku, njia hujaa kwa siku 7 au 8. Ikijaa, darasa zima huchagua hadithi au mchezo wa nje, pamoja na ambaye hajapaka hata unyayo mmoja.

Hatua ya 5: Soma daftari kabla ya kuchora njia mpya

Jina likipita mizunguko miwili bila unyayo, kagua hatua uliyomwandikia. Mara nyingi ni kubwa mno, igawe. Pengine ni kinyume chake: kazi ni rahisi na mtoto hakosei kamwe.

Kuna jambo moja la kuwa macho nalo. Baada ya njia mbili tatu, baadhi yao huanza kukosea makusudi ili wafute. Utawajua kwa macho: anayejaribu kweli hutazama daftari lake, anayeigiza hukutazama wewe kwanza ndipo anyanyue kifutio. Usimkaripie. Tendo limeshakuwa mazoea, basi badilisha picha kwenye chati. Mimi huhamia "kuomba msaada kwa jirani kabla ya kuacha", kisha naanza kuandika upya mahali kila mtoto alipo.