Andika jaribio la kukubalika pamoja na hitaji

Wenye kuunda programu hapa Goma, mukifuata modeli ya V, ambamo kila hatua ya kupanga programu ina jaribio lake, musingoje mwisho ndipo muandike jaribio la kukubalika. Chukua duka la Birere linalopokea dola na faranga. Hitaji linasema mteja alipe kwa sarafu yoyote. Liandikie jaribio papo hapo: bidhaa ni dola 7, mteja anatoa 10, chenji inarudi kwa faranga. Kwa kiwango cha kubadilisha sarafu cha asubuhi au cha sasa? Tundu la hitaji limeonekana kabla ya mstari mmoja wa msimbo. Chini zaidi kwenye V, usanifu wa jinsi sehemu za mfumo zinavyoungana una jaribio la muunganisho wake, na hesabu ya chenji ina jaribio la moduli.

Shida inaanza mukifanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili. Mwenye duka sasa anataka kubadilisha kiwango katikati ya siku. Jaribio la zamani lina kiwango kimoja tu, kwa hiyo linapita hata kama programu imeng'ang'ania kile cha asubuhi. Lipe kila hitaji namba, namba hiyo iandikwe kwenye majaribio yake. Hitaji likiguswa, yafunguliwe yote katika mzunguko uleule. Na majaribio ya zamani yaendeshwe tena kila mzunguko, maana mchoro wa V wenyewe haukuambii hilo.