Kabla ya kupeleka fakitire ya hospitali kwa bima: plafo inaingia wapi katika hesabu?

Kabla hujatia sahihi kwenye fomu ya madai ya bima ya afya, weka mezani karatasi tatu. Ya kwanza ni fakitire yenye mchanganuo wa kila huduma, kwa sababu risiti ya jumla haitakusaidia kuhakiki chochote. Ya pili ni ukurasa wa masharti ya pekee ya mkataba, yaani ule unaobeba jina lako na tarakimu zako. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni taarifa ya fedha ambazo bima imekwisha kukulipia tangu mwaka wa mkataba ulipoanza.

Karatasi hiyo ya tatu ndiyo iliyomsumbua shemeji yangu, mkaaji wa Katuba hapa Lubumbashi, aliyepasuliwa kidole tumbo mwezi wa Agosti. Fakitire yake ilikuwa dola 1,800: upasuaji 900, chumba usiku nne kwa dola 90 kila usiku, dawa 310, maabara na ekografi 180, na dola 50 za chakula cha mke wake aliyekuwa akimlinda. Masharti yake ya pekee yalisema chumba hulipwa hadi dola 60 kwa usiku, fransizi, yaani kiasi cha kwanza ambacho mgonjwa hujilipia mwenyewe, ni dola 100 kwa kila kulazwa, tike moderatere, yaani sehemu ya mgonjwa katika gharama zilizobaki, ni asilimia 20, na plafo, yaani kikomo cha mwaka mzima, ni dola 2,000. Mwezi wa Machi alikuwa amelazwa kwa malaria, na bima ilikwisha kulipa dola 900. Kwa hiyo plafo iliyobaki ilikuwa dola 1,100, si 2,000.

Hesabu huanza kwa kuondoa kisichokubaliwa. Chakula cha mlinzi kilitoka chote, na kila usiku ulipunguzwa dola 30, jumla 120. Zikabaki dola 1,630 zinazokubaliwa. Kumbuka kwamba dola hizo 170 zilizoondolewa ni za mgonjwa mwenyewe na hazihesabiwi kuwa sehemu ya fransizi, ingawa watu wengi hudhani kwamba kwa kulipia chumba bora wamekwisha kuimaliza. Baada ya kutoa fransizi ya dola 100 zinabaki 1,530, na asilimia 20 ya hizo, yaani dola 306, ni sehemu ya mgonjwa. Bima inapaswa kulipa 1,224, lakini plafo inaruhusu 1,100 tu, na hapo ndipo malipo yanapokomea.

Barua aliyoletewa ilisema dola 800. Mwanzoni tulidhani kuna huduma imekataliwa, tukapitia fakitire mstari kwa mstari bila kuona kitu, hadi tulipojaribu kugeuza mpangilio wa hesabu: walianza na plafo, wakashusha 1,630 hadi 1,100, wakatoa fransizi zikabaki 1,000, kisha wakatoa asilimia 20. Tarakimu zikakubaliana kabisa. Kwa hiyo ukipata malipo usiyoyaelewa, piga hesabu kwa mipangilio yote miwili kabla ya kulalamika, kwa kuwa matokeo yakilingana sawasawa na mmojawapo, umejua kampuni imeusomaje mkataba. Kubadilishana nafasi kwa fransizi na tike moderatere peke yake kungeleta tofauti ya dola 20 tu. Plafo ndiyo iliyokula dola 300.

Kinachoamua ni maneno ya mkataba. Kama plafo ni ya marejesho, yaani ya fedha zinazotoka kwa bima, inawekwa mwishoni. Kama ni ya gharama zinazokubaliwa, inawekwa mwanzoni, na dola 800 zingekuwa halali. Yasome kabla ya kulazwa ukiweza, maana tangu sheria ya bima namba 15/005 ya Machi 17, 2015 ilipoondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, si lazima mkataba wa jirani uandikwe kama wako. Wa shemeji ulisema marejesho. Alinakili kifungu hicho, akaambatanisha hesabu ya mistari mitano, na dola 300 zikaongezwa. Dola 700 zilizosalia alizilipa mwenyewe, na zilikuwa zake kweli. Kampuni ikikataa bila kuonyesha kifungu inachotegemea, ARCA ndiyo mamlaka inayosimamia bima nchini.

Mkataba ukiwa wa dola na fakitire ikiwa ya faranga, uliza watatumia kiwango cha siku gani, kisha ubadilishe kila mstari kwa kiwango hicho kimoja kabla ya kuanza kukata. Na kwa kuwa ofisi huchukua fakitire ya asili, toa kopi ya kurasa zote, pamoja na ule wa dawa, kabla hujaikabidhi dirishani.