Somo: Assetto Corsa kwenye laptopu ya kawaida bila kugandaganda mwanzo wa mbio

Wakuu, laptopu yangu ni ya kazi za ofisini: prosesa Core i5-8250U, grafiki za ndani UHD 620, RAM ya GB 8 kwenye kijiti kimoja, skrini ya 1366 kwa 768. Nikizunguka Imola peke yangu, gemu lilikuwa linaenda fremu 45 hivi kwa sekunde. Nikiweka magari 12, taa zikizimika tu fremu zinaporomoka hadi 23, na kona ya Tamburello naiingia kama mtu anayepitia albamu ya picha za mnato.

Nilichofanya kwanza ndicho wengi hufanya: kupunguza ukubwa wa picha mpaka namba za dashibodi hazisomeki. Fremu ziliongezeka kidogo, macho yakaumia sana. Mzigo mkubwa ulikuwa kwingine.

Tatizo ni kwamba gemu halichori mandhari mara moja kwa kila fremu. Bodi ya gari inang'aa, na ili ing'ae kwa ukweli gemu linachora mazingira yanayolizunguka kwa pande sita, kama kuta za ndani za boksi: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Kisha vioo vya kuangalia nyuma navyo vinataka mandhari yao. Vivuli vinahitaji mchoro mwingine tena, safari hii kwa jicho la jua. Ukiwa peke yako barabarani haya yanavumilika. Kwenye mstari wa kuanzia umezungukwa na magari 11, na gari lilelile linaweza kuchorwa kwenye ubavu wa gari lako, kwenye saitimira, kwenye vivuli, halafu ndipo lije mbele ya macho yako. Hapo ndipo tunapokata.

Hatua ya 1: pima mahali pabaya

Washa kihesabu fremu cha Steam. Chagua njia moja, gari moja na idadi ileile ya wapinzani, kisha anza mbio mara tatu na uandike namba ya chini kabisa uliyoiona kila mara. Wastani achana nao. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu inapata milisekunde 16.7, na ikitokea moja imechukua 40 katikati ya kona, mkono unaihisi hata kama wastani unapendeza.

Hatua ya 2: punguza michoro ya ziada

Funga gemu. Nenda `Documents\Assetto Corsa\cfg`, tengeneza nakala ya `video.ini` uiweke pembeni, kisha fungua yenyewe kwa Notepad. Tafuta mistari hii na ubadilishe namba tu, mingine iache ilivyo:

```
[VIDEO]
SHADOW_MAP_SIZE=1024

[CUBEMAP]
SIZE=256
FACES_PER_FRAME=1

[MIRROR]
HQ=0
SIZE=256
```

Mstari wenye faida kubwa ni `FACES_PER_FRAME`. Wangu ulikuwa 6, yaani pande zote sita za boksi zilikuwa zinachorwa upya kila fremu. Ukiweka 1, gemu linachora upande mmoja kila fremu kwa zamu, kwa hiyo mng'ao unachelewa fremu chache. Ukiwa ndani ya gari kwenye kilomita 200 kwa saa, sijui ni nani atakayeliona hilo. Ukiweka 0 mng'ao unaganda kabisa, na hapo utauona: unapita chini ya daraja huku boneti bado inaonyesha anga.

Vivuli sikuvizima. Kivuli chini ya gari la mbele kinakuambia liko umbali gani, na ukikiondoa magari yanaonekana kama yanaelea, unaanza kugonga watu.

Baada ya hapo, mwanzo wa mbio ulipanda kutoka 23 hadi 41.

Hatua ya 3: zima mapambo ya mwisho

Kwenye faili hilohilo, chini ya `[POST_PROCESS]`, weka `ENABLED=0`. Hii ni kazi ya rangi, miale na mng'aro inayofanywa juu ya picha iliyokwisha kuchorwa. Picha itapauka, sikatai. Ila kwa grafiki za ndani zinazotegemea RAM ya kompyuta ni mzigo mzito, na mimi ilinifikisha 51.

Hatua ya 4: weka kikomo

Namba ya chini ni 51, basi kwenye menyu ya picha nikaweka kikomo cha fremu 50. Nikiwa peke yangu mashine ingeweza kuvuka 60, lakini kuruka kati ya 65 na 51 kunasumbua mkono kuliko 50 inayotulia. VSync niliizima. Kwenye skrini ya 60 Hz, fremu ikikosa ile nafasi ya milisekunde 16.7, VSync inaweza kuifanya isubiri zamu inayofuata, na ghafla unajikuta kwenye 30. Gharama ya kuizima ni picha kukatika kwa mlalo mara mojamoja. Nimeikubali.

---

MASWALI

Dereva wa Kigamboni: Mkuu, mimi nimeshusha kila kitu, hata ukubwa wa picha, lakini fremu hazisogei, zimekaa 33 palepale. Napiga mbio na magari 20.

Jibu: Kama picha ndogo haileti fremu zaidi, anayechelewa si grafiki, ni prosesa. Fizikia ya gemu hili inapigwa hesabu mara 333 kwa sekunde, na wapinzani wa kompyuta nao wana fizikia yao, kila gari na matairi yake. Je, unapata onyo la CPU occupancy kwenye skrini? Likitokea, hakuna setingi ya picha itakayokuokoa. Punguza wapinzani hadi 12, upime tena.

Dereva wa Kigamboni: Ndiyo, onyo lipo, nilidhani ni mambo ya mtandao! Nimeweka 12, sasa 46 na onyo limepotea.

Mama Gia: Yangu inaanza vizuri kabisa, 60. Baada ya dakika 15 inashuka hadi 38 na haipandi tena mpaka nipumzike.

Jibu: Hilo ni joto, dada. Prosesa kama yangu imetengenezwa kwa wati 15, na humo humo grafiki zinagawana. Ikishapata moto inajipunguza yenyewe. Usiiweke kitandani, inua sehemu ya nyuma hewa ipite, chomeka chaja, kisha shusha kikomo hadi 45. Kikomo kinaipunguzia kazi hivyo inachelewa kupata moto.

Mama Gia: Nilikuwa naweka juu ya mto. 😅

Kona Kali: Mbona hukugusa anisotropic? Kila video wanasema izimwe.

Jibu: Nilijaribu kuizima, nikapata fremu moja tu. Inafanya lami ya mbali isomeke, na alama zangu za kuanza kushika breki ziko huko mbali. Niliirudisha.

Kona Kali: Na kijiti cha pili cha RAM kinasaidia, au wauzaji wanatupiga tu?

Jibu: Kwa grafiki za ndani kinasaidia kweli, hata kama GB 8 zinakutosha. Grafiki hizi hazina kumbukumbu yake, zinachota kwenye RAM, na vijiti viwili vinafungua njia mbili za kuchotea. Kabla hujatoa hela hakikisha ubao wako una nafasi ya pili. Laptopu nyembamba nyingi zimechomelewa RAM na hazina.

Kona Kali: Nimefungua mfuniko, nafasi ipo. Kesho naenda kutafuta.