Kugeuza shati jeupe liwe la jinzi kwenye Photoshop, mishono na mipauko ikae sehemu zake

Wengi wakitaka shati la jinzi wanatandika picha ya kitambaa cha jinzi juu ya shati, wanaweka Multiply wanamaliza, halafu wanashangaa mbona linaonekana kama karatasi ya bluu. Tatizo sio rangi, ni kwamba wamechanganya vitu viwili, mwanga na mchakao. Mwanga unatoka dirishani, mchakao unatokana na kusuguana, na havikai sehemu moja. Kwa hiyo tunatengeneza kitambaa kwanza kama vile hakuna mwanga kabisa, halafu mwanga wa picha tunauweka juu mwishoni kabisa.

Mfano wangu ni shati jeupe la vifungo la mikono mirefu, lililopigwa picha dirisha likiwa pembeni. Upana wa kifua ni kama sentimita 55 na kwenye picha unachukua pikseli 1500 hivi, maana yake kila sentimita ni pikseli 27. Hiyo namba ipige na wewe kwenye picha yako kabla hujagusa kitu, maana vipimo vyote vya uzi vinatoka hapo.

Hatua ya 1: leya ya mwanga

Kata shati kwa Pen Tool, liweke leya yake, litoe rangi kwa Image > Adjustments > Desaturate, mode iwe Multiply, ikae juu ya kila kitu. Sasa fungua Curves uzamishe vivuli kidogo. Sababu ni hii, kitambaa cheupe kinarudishiana mwanga ndani ya mikunjo, kwa hiyo vivuli vyake ni hafifu, jinzi inameza mwanga na mikunjo yake inakuwa na kiza zaidi. Ukiruka hapa shati litabaki jeupe lililopakwa bluu.

Toa kopi nyingine ya hilo shati la kijivu, weka Gaussian Blur ya 4, isevu peke yake kama faili la PSD. Hiyo ndio ramani ya mikunjo, tutaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 2: kufuma

Jinzi ina nyuzi za wima zilizotiwa indigo na za mlalo nyeupe, uzi wa bluu unapita juu ya nyeupe tatu kisha unazama chini ya moja, ndio maana unaona vimistari vya mshazari. Fungua dokumenti ndogo ya pikseli 4 kwa 4, chukua Pencil Tool ya pikseli 1 ujaze hivi, 0 ni bluu #2F4260 na 1 ni bluu mpauko #8FA0B8:

```
0001
0010
0100
1000
```

Edit > Define Pattern, rudi kwenye picha, jaza leya mpya nzima kwa Edit > Fill. Mistari inapanda kuelekea kulia, kama jinzi nyingi zilivyo. Kwa picha ya ukubwa huu inatosha, ukiikuza zaidi shati litaonekana la mwanasesere.

Usitandike kipande kimoja kwa shati zima. Fundi anakata vipande, kwa hiyo kila mkono uwe na leya yake iliyozungushwa kufuata mkono ulivyolala, kola yake, kafu zake, mfuko wake, na kipande cha mabegani nyuma ya shingo nacho peke yake. Mistari ikibadilika mwelekeo pale kwenye mshono, jicho linaamini kabla hata hujachora uzi. Ukishazungusha, hakikisha leya bado inafunika picha nzima, kisha Select > All, Image > Crop ili vilivyozidi nje viondoke.

Sasa kwa kila leya, Filter > Distort > Displace, weka 10 na 10, Stretch To Fit, Repeat Edge Pixels, chagua ile PSD. Kijivu cha katikati hakisogezi kitu, cheusi na cheupe ndio vinasukuma, na kwa 10 mwisho wake ni kama pikseli 13. Ukiona mistari inakatika kama kioo kilichopasuka, ramani yako haikupata blur ya kutosha. Baada ya hapo ndio uweke maski ya kila kipande.

Hatua ya 3: mishono

Mishono ya ubavuni, mabegani na kwapani kwenye jinzi ni ile ya kitambaa kukunjwa ndani ya kitambaa halafu kupigwa mistari miwili ya uzi. Na mistari yote miwili inakaa upande mmoja wa mshono, haigawani huku na huku, hapa ndio wengi wanakosea. Kwapani iko upande wa kiwiliwili, kwenye kipande cha mabegani iko juu ya mshono. Mstari wa kwanza uwe milimita 2 kutoka kwenye mshono, yaani pikseli 5, wa pili milimita 6 zaidi, pikseli 16. Kola na kafu mmoja unatosha pembeni.

Chora njia kwa Pen Tool ukifuata mshono unaouona kwenye picha, mkunjo ukiinama na njia iiname. Brashi iwe pikseli 8, kwenye Brush Settings punguza Roundness hadi 30%, Shape Dynamics weka Angle Jitter Control: Direction, kisha vuta Spacing mpaka nafasi kati ya kipande cha uzi na kinachofuata iwe robo ya urefu wa kipande. Rangi #C08A45. Fungua leya mpya ya nyuzi, kwenye Paths bonyeza kulia, Stroke Path, Brush. Weka Drop Shadow ya pikseli 1 uzi uzame kidogo, na ule upande wenye mistari ya uzi ni mnene, kwa hiyo pitisha kivuli chembamba nje ya ukingo wake.

Hatua ya 4: kupauka

Indigo haiingii mpaka kiini cha uzi, inakaa nje nje, ndani uzi ni mweupe. Kinachosuguliwa kinapauka, kilichojificha kinabaki na rangi yake. Kwa hiyo paka kwenye kilele cha mkunjo, sio kwenye upande unaong'aa, mkunjo ulio kivulini nao unapauka kileleni vilevile.

Leya mpya chini ya nyuzi, rangi #C3CEDB, maski nyeusi, paka kwa brashi nyeupe Flow 8%. Kabla ya kupaka fungua Blending Options, Blend If, kwenye Underlying Layer shika Alt ugawanye kile kishale cheusi ukivute kulia, hapo mpauko unaanzia kwenye vimistari vyeupe vya kufuma badala ya kumwagika kama poda.

Sehemu zenyewe: ukingo wa kola, ncha za kafu, ukingo wa mfuko, kuzunguka vifungo, kiwiko chote kwa nje, na kwa ndani ya kiwiko michirizi inayopishana. Mshononi pana ufundi wake, kitambaa kikifuliwa kinasinyaa, mshono unajikunja na kutoa vinundu vya mshazari kama kamba iliyosokotwa, basi piga vidoa vyeupe vya mshazari, katikati yake acha giza, vingine virefu vingine vifupi. Vikilingana vyote umeharibu.

Mwisho zima ile leya ya mwanga uangalie. Unatakiwa uone shati bapa lililochakaa viwikoni na kwenye mishono, halina upande wa dirisha wala upande wa giza. Ukiona bado lina upande uliopauka kuliko mwingine bila sababu, umepaka mwanga, rudi kwenye maski ufute, kisha washa leya tena.